Madokezo 1,400, na siku ya kuulizwa sikuwa na jibu

Mpendwa Mshauri,

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika madokezo kwenye simu na kompyuta. Yamefika 1,400. Kila kitabu kina folda yake, kila kozi ina yake, na kazi ina yake. Nimeweka lebo, nimeunganisha madokezo mengi kwa viungo, na ule mchoro wa nukta na nyuzi umekuwa kama utando wa buibui.

Ninasimamia kitengo kinachopitia madai ya wateja. Tulikuwa na waidhinishaji wawili, mmoja akahamishwa. Aliyebaki anapitia mafaili kama 23 kwa siku, kila moja dakika 20 hivi, na siku yetu ya kazi ni saa 8. Hajazidiwa, tena hubakiwa na muda kidogo. Lakini faili sasa linakaa karibu siku nzima kabla halijaguswa. Mkuu wangu akaniuliza kikaoni, "Kama hajazidiwa, kwa nini yanachelewa?" Nikababaika. Siku nne baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakuta jibu lilikuwa kwenye madokezo yangu mwenyewe, vipande vitatu: "Sura ya 4, uwezo wa ziada" katika folda ya kitabu cha uzalishaji, "Wiki ya 6, mtawanyiko" katika folda ya kozi ya takwimu, na "Kikao cha Machi" katika folda ya kazi. Hakuna kiungo hata kimoja kati ya vitatu hivyo.

Nihamie programu nyingine? Nifute yote nianze upya? Au kuunganisha madokezo ni mchezo wa watu wenye muda wa kuchezea?

Msimamizi Aliyebabaika

*

Ndugu Msimamizi,

Usihame wala usifute. Soma tena majina ya yale madokezo matatu uliyonitajia. Kila moja linasema lilitoka wapi, na hakuna hata moja linalosema linadai nini. "Sura ya 4" ni anwani ya mahali ulipokuwa umekaa siku ile ukisoma. Siku ya kikao hukuwa sura ya 4, ulikuwa mbele ya mkuu wako na swali la foleni. Kichwa chako kilitafuta kwa swali, na sanduku lako limepangwa kwa vyanzo. Vitu hivyo viwili visingekutana hata ungekuwa na programu ya bei gani.

Ninajua kwa sababu nilipita njia hiyohiyo. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa wikendi nzima nikiunganisha madokezo, nikaweka viungo zaidi ya 200. Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi: likitokea neno "uongozi" kwenye madokezo mawili, ninayafunga pamoja. Jumapili jioni mchoro ulikuwa umependeza. Baada ya miezi miwili nilibonyeza kimojawapo cha viungo vile, nikafika kwenye dokezo la pili, nikakaa nalitazama. Sikujua kwa nini nilitumwa pale. Neno lilikuwa moja, mawazo yalikuwa mawili yasiyofahamiana. Kutafuta kwa neno kungenifikisha palepale bila kuipoteza wikendi.

Tangu hapo ninakishika kiungo kama dai. Nikiunganisha dokezo moja na jingine ninasema jambo fulani: hili ndilo sababu ya lile, hili ni mfano wa lile, hili linapingana na lile, au hili lina kweli kwa sharti lililo katika lile. Nikishindwa kuandika sentensi hiyo, sina kiungo. Nina maneno mawili yaliyofanana tu.

Mtu anayetajwa sana katika mambo haya ni mwanasosholojia Mjerumani Niklas Luhmann, aliyeishi kati ya 1927 na 1998. Alianza kuandika kadi katika miaka ya 1950, akiwa bado mwanasheria katika utawala wa serikali, kabla hajawa profesa. Alipofariki aliacha kadi kama 90,000, ambazo sasa zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha Bielefeld. Wengi wanaitaja idadi hiyo kwa mshangao. Mimi hunivutia zaidi namna alivyozipanga. Kadi mpya haikuwekwa chini ya somo lake. Iliwekwa nyuma ya kadi iliyokuwa ikiiendeleza au kuijibu, na kupewa namba inayoonyesha hivyo: baada ya 21 inakuja 21a, baada ya 21a inaweza kuja 21a1. Na faharasa yake ilikuwa ya kibahili. Neno moja lilielekeza kwenye kadi chache tu za kuingilia, na kutoka hapo alifuata viungo mwenyewe. Hakujaribu kuorodhesha kila kadi iliyogusa neno fulani. Alitaka mlango, na njia nyingine aliziacha ndani ya nyumba.

Basi tuchukue vipande vyako vitatu tuvifanyie kazi, maana ni mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeutunga.

Anza na kile cha kitabu. Nadhani dokezo lako limebeba kitu kama "acha uwezo wa ziada, usijaze mtambo asilimia 100", pengine na sentensi ya mwandishi uliyoinakili. Liweke kando, ufunge kitabu, uandike kwa maneno yako ni nini hasa kinadaiwa. Kichwa kiwe sentensi kamili ambayo mtu anaweza kuibishia. "Uwezo wa ziada" hakibishiki, kwa hiyo hakina kazi. "Foleni hurefuka kabla mhudumu hajajaa kazi" kinabishika, na kinakaribia sana swali la mkuu wako.

Chini ya kichwa hicho weka namba, maana hapa ndipo wazo linapopata meno. Katika nadharia ya foleni kuna kanuni rahisi ya mhudumu mmoja ambaye kazi zinamjia bila mpangilio na muda wa kila kazi unatofautiana sana. Chukua sehemu ya muda wake iliyojaa, igawe kwa sehemu iliyo tupu. Jibu ni mara ngapi ya muda wa kazi moja utasubiri, kwa wastani wa muda mrefu, kabla ya kuhudumiwa. Akijaa asilimia 80, ni 80 kwa 20, yaani mara 4. Akijaa asilimia 90, mara 9. Akijaa asilimia 95, mara 19. Ona umbo lake: ile tano ya mwisho imeongeza kungoja kuliko vyote vilivyoitangulia.

Sasa chukua mafaili yako. Saa 8 ni dakika 480, na faili moja ni dakika 20, kwa hiyo uwezo wake wa juu kabisa ni mafaili 24. Anapokea 23. Sehemu iliyojaa ni 23, iliyo tupu ni 1. Faili linasubiri mara 23 ya dakika 20, yaani dakika 460: saa 7 na dakika 40. Hiyo ndiyo "karibu siku nzima" yako. Walipokuwa wawili, hata kama kila mmoja alikuwa na rundo lake, mafaili hayohayo 23 yaligawanywa kwa uwezo wa 48. Iliyojaa 23, iliyo tupu 25, na kungoja kulikuwa dakika 18 hivi. Mkuu wako aliondoa nusu ya watu akitarajia kungoja kuongezeke maradufu. Kuliongezeka kama mara 25.

Hesabu hiyo usiiandike ndani ya dokezo la kitabu. Mwandishi wa kitabu hajui habari za mafaili yako. Itaingia kwenye dokezo la kazi, na kiungo ndicho kitakachokubeba kutoka moja hadi jingine.

Dokezo la kozi, "Wiki ya 6, mtawanyiko", huenda limejaa fomula na mifano ya mwalimu. Fomula ziache hapohapo. Jiulize jambo moja ambalo wengi hawajiulizi: nitakuwa nafanya nini siku nitakayolihitaji dokezo hili? Si "linahusu nini", maana hilo lebo yako inalijibu tayari. Ukijiuliza hivyo kuhusu mtawanyiko, utaona kwamba hutauhitaji ukiwa unafanya mtihani wa takwimu. Utauhitaji siku ambayo wastani unakudanganya. Wastani wako unasema mafaili 23 kwa uwezo wa 24, mambo shwari. Lakini kama faili lingekuja kila baada ya dakika 21 kamili na kila moja likachukua dakika 20 kamili, kusingekuwa na foleni hata siku moja. Foleni inazaliwa na kutofautiana: asubuhi yanaingia sita kwa mkupuo, faili moja linakula saa nzima, na muda ule mtupu wa baadaye hauwezi kurudishwa nyuma kulipia. Kichwa kinachotoka hapo ni "Kutotabirika ndiko kunakojenga foleni, si wingi peke yake".

Mwanahisabati Mwingereza John Kingman alitoa mwaka 1961 fomula ya makadirio inayovunja kungoja katika vipande vitatu vinavyozidishwa: kujaa kwa mhudumu, kutofautiana kwa kuingia na kwa muda wa kazi, na muda wa kazi moja. Ukiijua hiyo unapata zawadi ambayo kitabu peke yake hakikukupa. Kama ungeweza kufanya kila faili lichukue dakika 20 zilezile, bila kuongeza mtu wala kupunguza faili, kungoja kungeshuka hadi nusu, dakika 230. Tazama kilichotokea hapa. Kitabu kilikwambia "punguza kujaa". Kozi ilikwambia "pima kutofautiana". Vikikutana vinakupa njia mbili za kutatua tatizo moja, na hakuna mwalimu wala mwandishi aliyekupa zote mbili kwa pamoja. Hiyo ndiyo faida ya kuunganisha. Ule mchoro wa nukta hauna sehemu katika faida hiyo, na kama unaweza kuuzima, uuzime.

Dokezo la tatu ndilo gumu, na ndilo ambalo karibu kila mtu hulikosea. Dokezo la kikao huwa ni kumbukumbu za mkutano: nani alisema nini, nani afanye nini. Hilo lina kazi yake, liache. Dokezo la uzoefu ni kitu kingine. Lina tarehe, lina kile ulichotarajia kabla, kile ulichoona, na namba ulizoziona kwa macho yako. Matarajio ndiyo yanayosahaulika, na bila hayo dokezo halina thamani, kwa sababu jambo likishatokea sote tunajidai tulilijua. Ungekuwa umeandika mwezi ule, "Natarajia kungoja kuongezeke maradufu," leo ungekuwa na kipimo cha jinsi ulivyokosea, na ukubwa wa kosa lako ndio somo lenyewe. Majina ya wateja na yaliyomo kwenye mafaili yasiingie humo. Unachobeba ni umbo la tukio, na umbo hilo utalihitaji hata ukihama kazi, wakati mafaili ni mali ya mwajiri.

Dokezo la kwanza likikamilika linaweza kuonekana hivi. Mabano mawili ya mraba ndiyo namna programu nyingi za madokezo zinavyotambua kiungo:

```
# Foleni hurefuka kabla mhudumu hajajaa kazi

Kungoja = (sehemu iliyojaa / sehemu tupu) x muda wa kazi moja.
80% ni mara 4, 90% ni mara 9, 95% ni mara 19.

Chanzo: kitabu cha uzalishaji, sura ya 4

Sababu yake ni kwamba
[[Kutotabirika ndiko kunakojenga foleni, si wingi peke yake]].
Nililiona kazini:
[[Mwidhinishaji mmoja, mafaili 23, kungoja siku nzima]].
Linagombana na [[Muda usiotumika ni gharama]].
```

Ona kwamba chanzo kipo, ila kimeshuka kikawa mstari mmoja. Ona pia kwamba kila kiungo kimepewa sentensi yake, nawe ukirudi baada ya miaka miwili utajua unachofuata kabla hujabonyeza. Kwa kuwa vichwa ni sentensi, vinakaa ndani ya sentensi nyingine bila kukwaruza. Vichwa vya namna ya "Wiki ya 6" haviwezi kufanya hivyo. Ukivitia katikati ya maneno yako vinasimama kama gogo njiani.

Kiungo cha mwisho ndicho ningependa ukikalie kidogo. Nimekibuni, lakini sidhani kama nimekosea: mtu mwenye kozi nyingi kama wewe lazima ana mahali fulani dokezo la mambo ya gharama linalosema mfanyakazi aliyekaa bure ni hasara. Ndilo lililomwongoza mkuu wako, hata kama hakulisoma popote. Watu wengi huunganisha madokezo yanayokubaliana, kwa sababu inaburudisha kuona vitabu vitatu vikisema neno moja. Lakini hapo hujajifunza kitu, umehesabu kura tu. Madokezo yanayogombana ndiyo yanayokulazimisha uandike dokezo jipya, lile ambalo halina kitabu chochote nyuma yake.

Katika ugomvi huu, usikimbilie kumtangaza mshindi. Uliza kila upande unakuwa kweli kwa sharti gani. Dokezo la gharama linasema kweli pale ambapo kazi inakuja kwa mpangilio na muda wake haubadiliki, kama mashine inayopokea sahani moja kila sekunde kumi. Mashine hiyo unaweza kuijaza karibu yote na foleni isitokee. Dokezo la foleni linasema kweli pale ambapo kazi inakuja inavyotaka. Hivyo dokezo jipya linaweza kuitwa "Kabla ya kuamua mtu ajazwe kazi kiasi gani, pima kwanza kazi yake inabadilika kiasi gani". Hilo ni lako. Halimo kwenye kitabu chako wala kozi yako, na kwa maoni yangu hilo moja lina uzito kuliko folda nzima ya dondoo.

Umeniuliza kuhusu muda. Dokezo moja la namna hii hunichukua dakika 15 hadi 20, na kitabu cha kurasa 300 kikinipa madokezo matano ninaridhika. Mengine yote niliyopigia mstari yanabaki kwenye dokezo moja la chanzo, hayapandishwi cheo. Kwa hiyo zile 1,400 zako usizigeuze. Ungehitaji zaidi ya saa 350 kufanya hivyo, na nyingi hazistahili. Ziache kama stoo. Anza na swali moja linalokusumbua kazini wiki hii, ingia stoo kwa kutafuta maneno, toa vipande vitatu au vinne vinavyolihusu, vigeuze hivyo tu. Wiki nyingine swali jingine. Dokezo ambalo hakuna swali lililowahi kulifikia kwa miaka mitatu halikudai kitu.

Kuhusu programu, swali moja tu ndilo la kujali: siku ukitaka kuondoka, madokezo yatatoka kama faili za maandishi ya kawaida, viungo vyake vikiwa vimeandikwa ndani ya maandishi? Jaribu leo kwa madokezo kumi. Yakitoka salama, kaa ulipo. Viungo vikipotea, hapo una sababu ya kuhama, na ni bora kuhama na madokezo sitini yaliyogeuzwa kuliko 1,400 ghafi.

Lebo hazikatazwi, ila zipe kazi ndogo. Mimi ninazo tatu tu, za hali ya dokezo: chanzo, wazo, tukio. Lebo za mada nilizifuta. Badala yake nina madokezo machache ya kuingilia, kama faharasa ile ya kibahili. Lako la kwanza liitwe kwa swali, "Kwa nini kazi inachelewa?", likiwa na viungo vitatu vinne vyenye sentensi. Likifika viungo 20, linakwambia kwamba umeacha kufikiri na umerudi kuorodhesha. Ligawe kwa maswali mawili.

Utajuaje kama mambo yanakwenda? Usihesabu madokezo wala viungo. Kuna vipimo viwili ninavyoviamini. Cha kwanza: chagua viungo kumi bila kupendelea, funika sentensi zake, ujaribu kusema kwa nini kila kimoja kipo. Ukishindwa zaidi ya vitatu, umeanza kuunganisha maneno badala ya madai. Cha pili huja chenyewe: siku utakapokuwa unaandika dokezo jipya ukaenda kuliunganisha, ukakuta umeshaandika jambo lilelile mwaka uliopita, kutoka kitabu tofauti, kwa maneno karibu yaleyale. Wengine hukasirika. Mimi hufurahi, maana njia ya kwenda pale ipo na imenifikisha. Yaunganishe yawe moja, vyanzo viwili chini.

Jambo ambalo mfumo huu hautakufanyia ni kukumbuka badala yako kikaoni. Hata kama madokezo yote matatu yangekuwa yameunganishwa vizuri, mkuu akiuliza ghafla huna nafasi ya kufungua kompyuta. Namba chache za msingi, kama ile 80, 90 na 95, zinatakiwa kukaa kichwani, na hazikai kwa kusomwa tena na tena. Zinakaa kwa kujiuliza bila kutazama, leo, kesho kutwa, wiki ijayo. Hiyo ni kazi tofauti na ina mbinu zake. Kinachosaidia kidogo ni kwamba dakika 20 za kuandika kwa maneno yako mwenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa, ni kujiuliza kwa namna fulani.

Jibu la mkuu wako halijachelewa. Kwenye ukurasa mmoja andika vichwa vyako kwa mfuatano huu: foleni hurefuka kabla mhudumu hajajaa kazi, sababu ni kutotabirika, sisi tuko 23 kwa 24. Hapo una aya ya kwanza karibu nzima. Kisha mpe njia mbili. Moja, kutoa mafaili matatu madogo kwa siku yaidhinishwe na mtu mwingine: iliyojaa inakuwa 20, tupu 4, kungoja kunashuka hadi dakika 100. Nyingine, kutenganisha mafaili mepesi na mazito ili muda wa kila faili usiyumbe sana.

Lakini kabla hujapeleka ukurasa huo, kaa wiki mbili ukiandika saa kila faili linapoingia na saa linapoanza kuguswa. Ile kanuni inadhani mafaili yanakuja bila mpangilio. Yako huenda yanakuja kwa mkupuo kila asubuhi barua pepe zinapofunguliwa, na hapo hesabu itakuwa tofauti, labda mbaya zaidi. Andika leo unatarajia kuona dakika ngapi, utie tarehe. Wiki mbili zikipita, namba zikikataa kukubaliana nawe, hilo litakuwa dokezo lako la nne, na kiungo chake kinaanza na neno "lakini".